Kinywani, nyuma au kwenye ngozi: kumpa mgonjwa wa saratani dawa ya maumivu nyumbani

Karibu kila nyumba ninayoingia, iwe Kisauni, Majengo au ng'ambo ya feri Likoni, huulizwa swali moja: "Sista, ile plasta ya kubandika, si ndiyo yenye nguvu? Mbona mama anapewa hii ya chupa tu?" Nami hujibu vilevile kila mara. Plasta si dawa yenye nguvu zaidi, ni dawa ya polepole. Inachelewa kuanza na inachelewa kuondoka, na huo uchelewaji ndio faida yake na ndio hatari yake.

Mwongozo huu ni wa anayemuuguza mgonjwa wa saratani nyumbani, ambaye maumivu yake yamefikia kiwango cha mofini. Mofini huandikwa na daktari au kituo cha huduma shufaa, kama Coast Hospice ya Mombasa, na kiwango huamuliwa na wao. Kazi yako wewe wa nyumbani ni kujua dawa ipite njia gani, uitie vipi, na lini upige simu kabla mambo hayajaharibika.

Angalia kwanza njia ipi iko wazi

Kabla ya kufikiria plasta au dawa ya nyuma, mkalishe mgonjwa umpe kijiko kimoja cha maji. Akimeza bila kupaliwa, na asipotapika ndani ya nusu saa, kinywa kiko wazi, na kikiwa wazi ndicho cha kutumia. Dawa ya kunywa ni rahisi kuipandisha na kuishusha. Ukikosea kidogo leo, kesho umerekebisha, kwa sababu dozi moja ya mofini ya maji huanza kufanya kazi baada ya kama nusu saa na huisha baada ya saa 4.

Kinywa kikifungwa, yaani anatapika kila kitu, uvimbe umeziba umio, au amelegea hata hajijui vizuri, angalia njia ya nyuma. Je, anaharisha? Anatoka damu akienda haja? Ana bawasiri zinazouma? Ametibiwa kwa dawa za saratani wiki chache zilizopita na ameambiwa damu yake iko chini? Likiwepo hata moja, usiweke kitu nyuma mpaka umeuliza, kwani mchubuko mdogo unaweza kuleta damu nyingi au maambukizi. Pasipokuwa na tatizo, njia ya nyuma ni daraja zuri la siku mbili tatu.

Plasta inakuja mwisho, na ina masharti mawili. Mgonjwa awe tayari anatumia mofini kila siku, na maumivu yake yawe yametulia kwenye kiwango kimoja. Mtu ambaye hajazoea mofini akibandikwa plasta ya fentanili, ambayo ndiyo dawa iliyomo kwenye plasta hizi, anaweza kuacha kupumua usingizini. Na mtu ambaye maumivu yake leo ni haya na kesho ni mengine hatafaidika nayo, maana plasta haiwezi kukimbizana na maumivu.

Dawa ya kunywa: ratiba kwanza, kijiko baadaye

Nichukue mgonjwa mmoja tumfuate mpaka mwisho. Mama wa miaka sitini na kitu, saratani ya umio, anakaa na bintiye Kisauni. Alipewa mofini miligramu 10 kila saa 4. Chupa yake ilikuwa na miligramu 10 katika kila mililita 5, kwa hivyo dozi yake ilikuwa mililita 5, zilizopimwa kwa sirinji isiyo na sindano. Kijiko cha chai hakifai. Vijiko vya nyumbani havilingani, na mkono wa usiku wa manane haupimi vizuri.

Ratiba tuliiandika kwenye karatasi tukaibandika ukutani juu ya mtungi: saa kumi na mbili alfajiri, saa nne asubuhi, saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni, kisha saa nne usiku dozi mbili kwa pamoja, yaani mililita 10. Ile ya usiku huongezwa ili isilazimu kumwamsha saa nane usiku. Jumla ni miligramu 60 kwa siku. Weka nambari hiyo kichwani, tutaihitaji tukifika kwenye plasta.

Dozi hizi hutolewa kwa saa, hata kama mgonjwa anasema hajisikii maumivu. Hapo ndipo familia nyingi hukosea. Mama akisema yuko sawa, dozi ya saa nane inaachwa, saa kumi jioni maumivu yanarudi kwa kishindo, na sasa dozi ileile haitoshi. Maumivu yakichomoza katikati ya ratiba, mpe dozi moja ya ziada iliyo sawa na ya kawaida, yaani mililita 5 kwa mama huyu, andika saa uliyompa, na usiruke dozi inayofuata. Ukijikuta unatoa za ziada tatu au zaidi kwa siku, piga simu, kwa kuwa dozi ya msingi ni ndogo.

Mambo mawili yatakuja na lazima uyatarajie. Usingizi na kichefuchefu huja siku za mwanzo, kisha kwa wengi hupungua. Kufunga choo hakupungui, hukaa muda wote mofini iko mwilini. Kwa hiyo dawa ya kulainisha choo, mara nyingi bisakodili, huanza siku ileile mofini inapoanza. Ukingoja mpaka apitishe siku 4 bila choo, umeshachelewa.

Kisha kuna hatari ya chupa mpya. Mofini ya maji hutengenezwa kwa nguvu tofauti. Binti yule alirudi siku moja na chupa ambayo kila mililita 1 ilikuwa na miligramu 10. Rangi ilikuwa karibu sawa, chupa ni ileile. Angempa mililita 5 alizozoea, mama angepata miligramu 50 badala ya 10. Bahati nzuri alikuwa na tabia ya kusoma kibandiko kwa sauti, akasita, akapiga simu. Usikariri mililita. Kariri miligramu, halafu hesabu mililita kila chupa inapobadilika.

Na vile vidonge vya mofini vinavyotoa dawa polepole kwa saa 12, kamwe usivisage wala usivitafune. Ukivisaga, dawa ya nusu siku inaingia kwa mpigo mmoja.

Dawa ya nyuma: daraja, na aibu yake

Jumamosi moja mama alianza kutapika. Hata uji haukukaa. Binti alinipigia saa tatu asubuhi akiwa analia, kwa kuwa mama alikuwa ameitapika mofini ya alfajiri na hajui ampe tena au asimpe. Kanuni ninayoifuata ni hii: akitapika ndani ya dakika chache na ukaiona dawa kwenye matapishi, irudie dozi mara moja tu. Ikiwa nusu saa imepita, usirudie, ngoja dozi inayofuata. Hapa tatizo lilikuwa kubwa zaidi, kwani hakuna kilichokaa tumboni tangu alfajiri. Kukata mofini ghafla nako ni tabu, mwili uliozoea hutetemeka, huharisha, na maumivu hurudi yote.

Watu wengi hawajui kwamba mofini ileile ya maji inaweza kupita nyuma, kwa kiasi kilekile. Nilimwambia atumie sirinji ileile bila sindano, mililita 5, kila saa 4, mpaka tutakapokuja. Usifanye hivi kwa kujikisia. Mwuguzi au daktari anayemjua mgonjwa akuambie. Ukiambiwa, au ukipewa sapozitori za dukani, yaani vidonge laini vya kuweka nyuma, utaratibu ni mmoja.

Mwambie mgonjwa aende haja kwanza akiweza, kwa sababu choo kigumu kikijaa, dawa hukaa juu yake badala ya kugusa ukuta wa utumbo. Osha mikono, vaa glavu, kata kucha hata kama una glavu. Mlaze ubavu wa kushoto, mguu wa chini umenyooka, goti la juu limekunjwa kuelekea tumboni, mfunike leso mpaka kiunoni uache sehemu ndogo tu. Lowesha sapozitori kwa maji. Usitumie mafuta ya mgando, huzuia dawa isiyeyuke vizuri. Mwambie avute pumzi ndefu kwa mdomo, na wakati anaitoa ndipo uisukume, kiasi cha sentimita 3 kwa mtu mzima, ili ipite ule msuli wa mlangoni. Ukiisimamisha kabla ya msuli, itarudi. Bana makalio kwa dakika chache, na abaki amelala kwa robo saa. Ikitoka nzima ndani ya hiyo robo saa, weka nyingine. Ikitoka imeyeyuka nusu, usirudie. Ukitumia sirinji ya mofini, ingiza ncha polepole na usukume taratibu, ukisukuma kwa nguvu mgonjwa atasikia haja na kuitoa yote.

Joto letu lina neno lake hapa. Sapozitori zimetengenezwa ziyeyuke kwenye joto la mwili, na chumba cha mabati Mombasa mwezi wa pili hakiko mbali sana na hapo. Ziweke mahali baridi, si juu ya kabati karibu na dirisha. Ukiikuta imelegea, itumbukize ikiwa bado ndani ya karatasi yake kwenye maji baridi ya friji kwa dakika 5 au 10. Ikiwa iliyeyuka ikaganda vibaya, dawa imekaa upande mmoja, itupe. Pia usiikate vipande.

Angalizo la pili ni kiwango. Sapozitori za parasetamoli za miligramu 125 na 250 ni za watoto. Mtu mzima wa kilo 45 huhitaji karibu miligramu 675 kwa dozi, kwa hesabu ya miligramu 15 kwa kila kilo, na si zaidi ya mara 4 kwa siku. Ukimwekea moja ya mtoto ukangoja, utasema dawa ya nyuma haifai, kumbe hujampa dawa. Diklofenaki ya nyuma nayo ni nzuri kwa maumivu ya mifupa, lakini isizidi miligramu 150 kwa siku, na usimpe mwenye vidonda vya tumbo au figo dhaifu. Kuipitisha nyuma hakuondoi hatari hizo, maana inaingia kwenye damu ileile.

Aibu ipo, na ni ya haki. Binti wa Kisauni alimwambia mama yake, "Mama, mimi ndiye uliyenivua nepi," mama akacheka akageuka ubavu. Mtoto wa kiume akiwa peke yake na mama mzazi mambo huwa mazito zaidi. Tafuteni mapema shangazi au jirani wa kike wa kuaminiwa, msingoje usiku wa maumivu.

Plasta: saa 72 za subira

Jumanne tulimwona. Hakuwa akitapika sana tena lakini umio ulikuwa umefungwa, na kuweka dawa nyuma mara 5 au 6 kwa siku kulikuwa kunamchosha. Maumivu yake yalikuwa yametulia kwenye miligramu 60 za mofini kwa siku. Huyu ndiye mgonjwa wa plasta. Miligramu 60 za mofini kwa siku hukaribia plasta ya fentanili ya mikrogramu 25 kwa saa, na daktari aliandika hiyo. Kumbuka ni mikrogramu. Fentanili kidogo sana hufanya kazi ya mofini nyingi, ndiyo maana plasta hazigawanywi, hazikatwi, wala haziazimwi kwa jirani mwenye mgongo.

Tuliibandika saa nne asubuhi. Hapa ndipo penye kosa ninaloliona mara nyingi. Nimewahi kumkuta mgonjwa aliyetolewa hospitali na plasta mpya kifuani na bila tone la mofini, familia imeambiwa plasta inatosha. Alilia usiku kucha. Plasta huchukua saa 12 mpaka 24 ndipo dawa ijae mwilini. Kwa hiyo mofini ya kila saa 4 inaendelea kwa saa 12 za mwanzo: mama wa Kisauni aliipata saa nne tulipobandika, saa nane, saa kumi na mbili jioni, na ya mwisho saa nne usiku, mililita 5 tu, si ile ya mara mbili. Baada ya hapo mofini ilibaki kuwa ya maumivu yanayochomoza tu.

Kubandika kwenyewe ni hivi. Chagua pahali bapa, pakavu, pasipo kidonda wala kovu: kifuani juu, mgongoni juu, au mkono wa juu. Kwa mgonjwa aliyechanganyikiwa chagua mgongoni asipofikia kuibandua. Nywele zikiwepo zikate kwa mkasi, usinyoe, wembe huchuna ngozi na dawa huingia kwa kasi. Osha kwa maji matupu, bila sabuni, bila spiriti, bila mafuta ya nazi, kausha, subiri jasho likatike chini ya feni. Bandika, bonyeza kwa kiganja kwa sekunde 30 ukihakikisha pembe zimeshika. Osha mikono kwa maji. Andika tarehe na saa kwenye karatasi ya ukutani. Baada ya saa 72, yaani Ijumaa saa nne asubuhi, toa ya zamani kwanza, bandika mpya pahali pengine, na pale pa zamani usiparudie kwa siku kadhaa.

Jasho la kaskazi huibandua pembe. Zishike kwa utepe wa plasta wa kawaida pembeni pande zote. Ikidondoka kabisa, bandika mpya pahali pengine na uanze kuhesabu saa 72 upya, kisha mpigie anayekuhudumia, kwa kuwa plasta zako zitaisha mapema na za ziada hazipatikani kama panadoli.

Jambo la joto ndilo ninalolisisitiza hata mbele ya majirani. Sisi watu wa pwani tukimpenda mgonjwa tunamkanda. Kitambaa cha maji moto, chupa ya maji moto, mafuta ya karafuu, mkono wa bibi. Ukimkanda juu ya plasta, ngozi inapata moto, mishipa inafunguka, na dawa ya siku 3 inaanza kuingia kwa saa chache. Mkande miguu, mkande mgongo wa chini, lakini plasta na mahali palipo karibu nayo pasiguswe na kitu cha moto wala mafuta. Asilale juani barazani. Na homa ni joto pia. Mgonjwa wa plasta akipata homa ya 39, mpigie mwuguzi siku hiyohiyo, mpunguze homa, apimwe malaria, na umwangalie pumzi.

Pumzi huangaliwa hivi. Akiwa amelala, tazama kifua chake kinapanda mara ngapi kwa dakika nzima, ukitumia saa ya simu. Pumzi 12 mpaka 20 ni sawa. Zikishuka chini ya 8, au akikoroma kwa namna ya ajabu, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, umemwita na kumtikisa bega na haamki, toa plasta mara moja na mpeleke hospitali. Usidanganyike akizinduka dakika 20 baadaye. Dawa iliyokwisha kuingia imekaa chini ya ngozi na inaendelea kuvuja kwenye damu kwa karibu siku nzima, hivyo lazima aangaliwe huko kwa saa 24.

Swali la Ramadhani

Linakuja kila mwaka, hata kwa wagonjwa ambao dini imewapa ruhusa ya kula. Mofini ya maji ya kila saa 4 haiwezekani kwa mwenye kufunga. Plasta ya ngozini haifunguzi, na hili ni katika mambo yaliyotajwa na baraza la kimataifa la fikihi mwaka 1997. Dawa ya nyuma wanavyuoni wametofautiana, kwa hivyo muulizeni shehe wenu. Ninachoomba mimi ni kwamba mgonjwa asibadilishwe njia kwa ajili ya funga bila daktari kujua, kwa sababu plasta iliyobandikwa usiku wa kuamkia mwezi itaanza kufanya kazi sawasawa kesho yake jioni.

Plasta iliyotumika

Hata baada ya saa 72 plasta ina fentanili ya kutosha kumuua mtoto mdogo. Watoto huziona kama vibandiko vya kuchezea. Ukiitoa, ikunje ule upande wa gundi ujishike wenyewe, itumbukize kwenye choo palepale, au iweke kwenye kopo lenye kifuniko uirudishe kituoni. Mama wa Kisauni alikuwa na mjukuu wa miaka 3 aliyependa kulala kifuani pake, kwa hiyo plasta zake zote tulizibandika mgongoni, na binti alizihesabu kila siku ya kubadilisha: zilizobaki, zilizokunjwa, na ile moja iliyo mwilini.